Ombi la kurudi ghalani msimu huu wa korosho

Shikamoo Mzee Likanga.

Ni mimi Somoe Chitanda, niliyekuwa meza ya sampuli pale ghalani Masasi msimu uliopita. Kina Somoe tulikuwa wengi, lakini mimi ndiye uliyekuwa ukiniita Mama Pauni. Natumaini nyumbani kote ni wazima, na mama anaendelea vizuri na mguu.

Jumatatu nilipita barabara ya Newala nikaona lango la ghala liko wazi na vijana wanashusha chaga. Nikajua umesharudi na maandalizi yameanza. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga, maana maneno yenyewe ni mengi na simu yako ukiwa kazini haikai sikioni hata dakika mbili. Usome ukishatulia, hata usiku.

Ninachoomba ni kurudi msimu huu wa 2025, mapokezi, meza ile ile ya sampuli. Tena ninaomba niwemo kwenye kundi la kwanza, lile linaloingia kabla ya mnada wa kwanza, siyo lile la kuitwa baadaye foleni ya malori ikishafika barabarani. Kwa nini nasema hivyo nitakueleza.

Msimu uliopita kazi ilituvamia. Ile Oktoba 2024 bei iliponadiwa zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo, kila mtu alitaka mzigo wake uingie mnada unaofuata. Watu waliokota asubuhi wakapeleka AMCOS jioni. Korosho ambayo ilitakiwa ikae juani siku mbili tatu ikaingia kwenye gunia ikiwa bado na jasho la bibo, na sisi pale mezani tulikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa mgeni wa kazi. Unakumbuka wiki ile ya pili malori yalivyolala nje. Siyo kwamba makuli walikuwa wavivu, walikuwa wanatusubiri sisi. Lori halishushwi mpaka sampuli isome, na sampuli haiwezi kusoma kwa kelele za dereva.

Kama tungekuwa wanne mezani tangu siku ya kwanza, yale yasingetokea. Nisamehe kama naingilia yasiyonihusu, lakini wewe mwenyewe ulisema tukiona jambo tuseme.

Kazi yenyewe naijua sasa, sihitaji kufundishwa upya. Bambo naingiza gunia la pembeni, la katikati na la chini, siyo yale ya mlangoni ambayo katibu wa chama ameyapanga yapendeze. Nachanganya, napima unyevu, na ukizidi asilimia 10 siendelei, naita mwenye mzigo aone mwenyewe kwenye kipimo. Kilo moja ya sampuli nahesabu mbegu, nakata zote, viini vizima na vizuri upande mmoja, vyenye madoa na vilivyosinyaa upande mwingine vihesabiwe nusu uzito, vilivyooza na ganda tupu havihesabiwi. Gramu 272 za kiini zikitimia najua hapo ni pauni 48 kwa gunia la kilo 80, hata kabla kijana wa kalkuleta hajamaliza kubonyeza. Ndipo lilipotoka hilo jina lako la Mama Pauni, na kusema kweli nimelizoea, hata sokoni Mkuti wananiita hivyo.

Kuna lile lori la Novemba pia, nadhani hujalisahau. Magunia ya juu yalikuwa makavu yanalia ukiyatikisa, mkono ukishuka chini unakutana na ubaridi. Kipimo kilikuwa kimeshasoma vizuri kwa sampuli ya juu na dereva ameshaanza kufungua kamba. Nilikwambia tutoe tena sampuli kutoka chini, ukanikubalia mbele za watu ingawa mwenyekiti wa chama alikuwa anapandisha sauti. Ikasoma 13. Lori zima likaenda turubaini kuanikwa upya. Wale wakulima walinuna, lakini mzigo ule ungekaa kwenye staki wiki mbili ungepata ukungu na kuambukiza ya jirani, na lawama ingeangukia ghala. Sikuandikii hili kujisifu. Nataka ujue ukinipa meza, siangalii ni lori la nani.

Sasa jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike karatasi nzima kwanza kabla ya kuliingiza kwenye simu.

Kurudi kazini nitarudi. Kurudi kupitia wakala yule wa vibarua sitaweza. Mzee, wewe ulikuwa unatuandika kwenye daftari kila jioni, siku zetu zilikuwa sahihi, na kwako sina neno. Oktoba na Novemba tulilipwa kila Jumamosi kwenye simu, vizuri kabisa. Kuanzia alipokabidhiwa yeye malipo, ikawa leo kesho. Siku za Januari nimezipata mwezi wa tatu, tena pungufu, nikaambiwa ni makato, makato ya nini hakuna aliyeeleza. Kina mama wa turubaini wengine mpaka leo hawajamaliziwa. Wanaogopa kusema wasije wakaachwa msimu huu. Mimi nimeamua kusema, kwa sababu nikinyamaza nikarudi, Januari ijayo nitakuwa na kilio kile kile.

Kwa hiyo naomba kama inawezekana niandikwe moja kwa moja na ghala, hata kama ni kibarua cha siku kama kawaida. Shilingi 10,000 ya mezani sina tatizo nayo, sitaki kuibishania. Nataka iwe imeandikwa kwenye karatasi ambayo na mimi nina nakala yake, jina, kazi, kiasi kwa siku na siku ya kulipwa. Basi. Kama uongozi umeshamalizana na wakala na hakuna njia nyingine, niambie ukweli mapema, sitakulaumu, najua mambo mengine yanaamuliwa juu yako.

Na kama meza imejaa, Mzee, turubaini nitakwenda. Kuanika na kuchambua ndiko nilikoanzia na mgongo bado upo. Ila kwa masharti hayo hayo ya malipo.

Upande wangu wa muda nieleze wazi ili usije ukanipanga halafu nikakuangusha. Tuna mikorosho ya mama kule kijijini. Mwaka huu tumepulizia salfa mapema, ubwiriunga haukutusumbua sana, na maua yamekaa vizuri, kwa hiyo kazi ya kuokota itakuwepo Oktoba na Novemba. Zamani ningesema siwezi kugawanyika. Lakini mdogo wangu amerudi kutoka Dar na ndiye atakayesimamia shamba pamoja na mama, tumeshakubaliana. Mimi nitaomba siku moja tu, ile ya kupeleka mzigo wetu chamani, kwa sababu namba ya mkulima na akaunti ya benki ni za kwangu na nataka kuona uzito kwa macho yangu. Siku hiyo nitakwambia wiki nzima kabla. Na mzigo wetu ukifika ghalani nikiwa zamu, sampuli yake akate mtu mwingine, mimi nikae pembeni. Heri niliseme mimi kabla halijasemwa na wengine.

Desemba mvua ikianza sitatoroka. Najua wengi wanakimbilia mashamba ya mahindi hapo, na ndipo mzigo mbovu unapoanza kuja, korosho zilizoloweshwa chini ya mti, nyeusi. Mimi nitakaa mpaka staki ya mwisho itoke kwenda bandarini Mtwara, kama mwaka jana.

Vitu viwili vidogo. Glavu. Mafuta ya ganda yanababua, Mzee. Mwaka jana tulikuwa tunapaka mafuta ya kula mikononi kabla ya kukata, yanasaidia kidogo tu. Vidole vyangu vilibaki vyeusi na ngozi inabambuka mpaka karibu na Ramadhani, nilikuwa nakula na kijiko nyumbani kwangu kama mgeni. Glavu nene za mpira jozi mbili kwa mtu kwa msimu siyo gharama kwa ghala. Cha pili ni ile mashine ya mkono ya kukatia iliyolegea kisu. Kama haijatengenezwa itengenezwe sasa, maana inaponda kiini badala ya kukipasua, na kiini kilichopondwa tunabaki kubishana kama kilikuwa kizuri au kibovu. Fundi wa pale karibu na stendi anaiweza, niliwahi kumuuliza.

Hadija uliyeniuliza mara ya mwisho ameolewa Lindi, harudi. Lakini Fatu wa turubaini, yule mkimya mwenye mtoto mgongoni, mtoto ameshaacha ziwa na anabaki kwa bibi yake. Ana jicho zuri mno la madoa, mara nyingi alikuwa ananizidi. Ukitafuta mtu wa tatu au wa nne wa meza, mjaribu siku moja, hutahitaji ya pili. Hakunituma. Hata hajui kama nimemtaja.

Ninakuomba jibu kabla ya tarehe 15 mwezi wa tisa. Siyo kukushinikiza. Kuna kikundi cha kina mama hapa mtaani wanabangua korosho kwa mkono, wamepata mashine za kubangulia na wamenitaka nikawasimamie upande wa ubora. Malipo yao ni madogo kuliko ghalani ila ni ya mwaka mzima. Nimewaambia wanipe mpaka tarehe hiyo. Moyo wangu uko ghalani kwa msimu, na wao wamekubali niende kwao baada ya Januari iwapo nitawaambia mapema. Ndiyo maana jibu lako, hata likiwa la hapana, litanisaidia kupanga.

Kama kuna siku ya usaili au ya kuandikisha majina, nijulishe, nitafika na kitambulisho cha NIDA na barua ya mtendaji wa mtaa, mwaka jana nilikuja bila barua nikarudishwa mara ya kwanza. Namba yangu ya simu ni hii hii, na ya malipo ndiyo hiyo pia. Usiponipata, mwambie mlinzi wa lango la nyuma, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Msalimie mama, na vijana wa mizani wote.

Wako katika kazi,
Somoe Chitanda
Masasi, 22 Agosti 2025