Kazi ya Nyumbani ya Hisabati, Darasa la Tano: Kujumlisha Sehemu Zenye Asili Tofauti

Kazi hii inafanywa nyumbani Jumamosi na Jumapili na kurudishwa Jumatatu asubuhi. Mwanafunzi aandike jina lake na tarehe juu ya ukurasa wa daftari la miraba, halafu aoneshe njia kwa kila swali. Jibu lisilo na njia litapata alama nusu, hata kama ni sahihi.

Kwa mzazi au mlezi

Shikamoo na habari za kazi. Huhitaji kukumbuka hesabu zote za shuleni ili kukagua kazi hii. Soma maelezo haya pamoja na mtoto, mwache afanye maswali mwenyewe, kisha linganisha na majibu yaliyo mwishoni. Tafadhali usimpe karatasi ya majibu kabla hajamaliza.

Katika sehemu kama 3/4, namba ya juu inaitwa kiasi na ya chini inaitwa asili. Asili inatueleza kitu kizima kimegawanywa vipande vingapi vilivyo sawa, na kiasi kinatueleza tumechukua vipande vingapi. Asili ikiwa kubwa, kipande kinakuwa kidogo: 1/8 ya chapati ni ndogo kuliko 1/4 ya chapati hiyohiyo. Watoto wengi hudhani 1/8 ni kubwa kwa sababu 8 ni kubwa kuliko 4. Muulize mtoto wako swali hilo kwanza. Akilikosa, msianze kujumlisha; mwambie achore chapati mbili zinazolingana, moja aigawe mara nne na nyingine mara nane.

Kwa nini hatujumlishi juu kwa juu na chini kwa chini

Kosa linalojitokeza zaidi kwenye madaftari ni hili:

1/2 + 1/3 = 2/5 ✗

Mtoto amejumlisha 1 na 1 akapata 2, kisha 2 na 3 akapata 5. Inaonekana nadhifu, ila angalia jibu lenyewe. Nusu ya 5 ni mbili na nusu, kwa hiyo 2/5 haifiki hata nusu. Tulianza na nusu kamili, tukaongeza kitu juu yake, tukaishia na pungufu ya nusu! Haiwezekani. Mtoto akishaliona hili kwa macho yake, halirudii kirahisi, kwa hiyo fanyeni zoezi lifuatalo kwa penseli na msiliruke.

Kwenye daftari la miraba, mtoto achore mstatili wenye miraba 12 kwa safu moja. Nusu ya miraba 12 ni 6, aipake penseli. Theluthi ya miraba 12 ni 4, aipake rangi nyingine kuanzia pale nusu ilipoishia. Ahesabu miraba yote iliyopakwa: 6 + 4 = 10. Basi 1/2 + 1/3 = 10/12. Miraba miwili tu imebaki mitupu, na hiyo miwili ni 1/6 ya safu yote. Maana yake tumechukua 5/6.

Kilichofanyika hapo ndiyo kanuni yote: nusu na theluthi ni vipande vya ukubwa tofauti, havihesabiki pamoja mpaka vyote vigeuzwe kuwa vipande vya ukubwa mmoja. Hapa tuligeuza vyote kuwa miraba.

Hatua za kufuata

Kwanza, tafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha asili zote. Orodhesha vigawe vya kila asili mpaka ukutane na namba ya kwanza inayopatikana kwenye orodha zote. Pili, geuza kila sehemu iwe na asili hiyo mpya. Namba uliyozidishia chini, zidishia hiyohiyo na juu. Tatu, jumlisha viasi peke yake, asili ibaki ilivyo. Nne, rahisisha jibu kama linarahisishika.

Mfano wa 1. 1/4 + 3/8

Hapa 8 ni kigawe cha 4, kwa hiyo KDS ni 8 yenyewe na sehemu moja tu ndiyo inageuzwa.
1/4 = 2/8 (tumezidisha juu na chini kwa 2)
2/8 + 3/8 = 5/8

Mfano wa 2. 5/6 + 3/4

Vigawe vya 6: 6, 12, 18, 24
Vigawe vya 4: 4, 8, 12, 16
KDS ni 12.
5/6 = 10/12 (mara 2)
3/4 = 9/12 (mara 3)
10/12 + 9/12 = 19/12

Kiasi kimezidi asili, maana yake tumepita kitu kizima kimoja. Gawanya 19 kwa 12: unapata 1 na kubaki 7. Jibu ni 1 7/12, yaani kizima kimoja na saba ya kumi na mbili. Hii inaitwa sehemu mchanganyiko.

Mfano wa 3. 2 1/2 + 1 2/3

Jumlisha namba nzima kwanza: 2 + 1 = 3.
Kisha sehemu: 1/2 + 2/3 = 3/6 + 4/6 = 7/6 = 1 1/6.
Unganisha: 3 + 1 1/6 = 4 1/6.

Ule 1 uliotoka kwenye 7/6 ndio wanaousahau. Ukiona mtoto ameandika 3 1/6, mwulize, "Na ile moja iliyozidi imekwenda wapi?" Kwa kawaida ataiona mwenyewe.

Sehemu A: Asili moja ni kigawe cha nyingine

1. 1/2 + 1/4
2. 2/3 + 1/6
3. 3/10 + 2/5
4. 1/12 + 2/3

Sehemu B: Tafuta KDS

5. 1/3 + 1/4
6. 2/5 + 1/2
7. 1/6 + 3/8
8. 3/4 + 2/3
9. 5/6 + 4/9
10. 1/6 + 3/10

Sehemu C: Sehemu mchanganyiko na sehemu tatu

11. 1 1/2 + 2 1/5
12. 3 3/4 + 1 5/6
13. 1/2 + 1/3 + 1/4

Sehemu D: Mafumbo

14. Mama alinunua zabibu robo tatu kilo soko la Majengo. Jioni baba akarudi na zabibu nusu kilo kutoka Hombolo. Zote pamoja ni kilo ngapi?

15. Babu ana shamba Kongwa. Amepanda alizeti kwenye 2/5 ya shamba na mtama kwenye 1/3. (a) Ni sehemu gani ya shamba imepandwa? (b) Ni sehemu gani haijapandwa?

16. Bibi alipeleka mashineni uwele debe 1 3/4 mwezi uliopita, na mwezi huu debe 2 2/3. Jumla ni madebe mangapi?

17. Pipa la nyumbani linabeba lita 200. Maji yalipotoka asubuhi lilijaa 1/4, na jioni ikaongezeka 2/5 ya pipa. Ni sehemu gani ya pipa ina maji? Hizo ni lita ngapi?

18. Mwanafunzi mmoja ameandika 3/4 + 1/2 = 4/6. Bila kutafuta jibu sahihi, eleza kwa sentensi moja au mbili unajuaje kuwa amekosea.

Majibu na namna ya kukagua (kwa mzazi)

Sehemu A:
1. 2/4 + 1/4 = 3/4
2. 4/6 + 1/6 = 5/6
3. 3/10 + 4/10 = 7/10
4. 1/12 + 8/12 = 9/12 = 3/4

Kwenye swali la 4, mtoto akiishia 9/12 hajakosea hesabu. Thamani ni ileile. Amebakisha hatua ya mwisho tu. Mwambie atafute namba inayogawa 9 na 12 bila kubaki (ni 3), amalizie.

Sehemu B:
5. 4/12 + 3/12 = 7/12
6. 4/10 + 5/10 = 9/10
7. 4/24 + 9/24 = 13/24
8. 9/12 + 8/12 = 17/12 = 1 5/12
9. 15/18 + 8/18 = 23/18 = 1 5/18
10. 5/30 + 9/30 = 14/30 = 7/15

Huenda wewe ulifundishwa kuzidisha asili kwa asili, bila kutafuta KDS. Njia hiyo ni halali. Kwa swali la 9, 6 × 9 = 54, ndipo unapata 45/54 + 24/54 = 69/54. Ukigawanya juu na chini kwa 3 inarudi 23/18, jibu lilelile. Ubaya wake ni namba kuwa kubwa, na namba kubwa huzaa makosa ya kuzidisha. Mtoto akiitumia na kufika, mpe alama zake zote. Usimfutie kazi kwa sababu tu njia yake si ile iliyo kwenye karatasi.

Ukiwa na shaka na jibu lolote, tumia kikokotoo cha simu. Kwa swali la 5: 1 ÷ 3 ni 0.333, na 1 ÷ 4 ni 0.25, jumla ni 0.583. Kisha gawanya jibu la mtoto, 7 ÷ 12, nayo ni 0.583. Zikilingana, jibu ni sahihi. Simu ni ya mkaguzi. Mtoto afanye kwa penseli.

Sehemu C:
11. 1 + 2 = 3; 5/10 + 2/10 = 7/10. Jibu 3 7/10
12. 3 + 1 = 4; 9/12 + 10/12 = 19/12 = 1 7/12. Jibu 5 7/12
13. 6/12 + 4/12 + 3/12 = 13/12 = 1 1/12

Sehemu D:
14. 3/4 + 2/4 = 5/4 = kilo 1 1/4, yaani kilo moja na robo.
15. (a) 6/15 + 5/15 = 11/15. (b) Shamba zima ni 15/15, kwa hiyo 15/15 − 11/15 = 4/15.
16. 1 + 2 = 3; 9/12 + 8/12 = 17/12 = 1 5/12. Madebe 4 5/12.
17. 5/20 + 8/20 = 13/20 ya pipa. 1/20 ya lita 200 ni lita 10, kwa hiyo 13 × 10 = lita 130. Ukitaka kuhakiki: robo ya 200 ni 50, na 2/5 ya 200 ni 80; 50 + 80 = 130.
18. Maelezo yoyote yenye hoja yakubaliwe. Kwa mfano: "Robo tatu na nusu lazima zizidi kimoja, lakini 4/6 haifiki kimoja." Au: "4/6 ni sawa na 2/3, nayo ni ndogo kuliko 3/4 tuliyoanza nayo." Hili ndilo swali ninalolisoma kwa makini kuliko yote, kwa hiyo tafadhali muache aandike kwa maneno yake mwenyewe hata kama sentensi haijanyooka.

Swali lililomshinda kabisa aliwekee alama ya nyota pembeni, bila kulifuta. Saini chini ya kazi yake ukishakagua. Maswali yenye nyota nyingi ndiyo tutakayoanza nayo ubaoni Jumatatu.