Jibu la ujumbe wako kuhusu zile katoni tatu za zabibu kavu

Mama Bella, amahoro.

Ujumbe wako wa jana usiku nimeupata, na picha zote nne nimeziona. Pole sana. Umeandika Kifaransa na sikulaumu, mtu akichafukwa huandika kwa lugha inayomjia kwanza. Ila mimi sikijui, na simu ilinitafsiria kwamba "unadai" hela yako yote, 1,080,000. Nikaanza kukujibu kwa hasira, kisha nikafuta. Asubuhi nimempelekea mwalimu wa Kifaransa hapa Dodoma mjini, akanisomea neno kwa neno.

Kumbe *je demande* ni "naomba". Na kuna kijineno *sinon*, "la sivyo", ambacho mimi nilikiruka kabisa, na ndicho kilichobeba ujumbe wote. Kwa hiyo nilivyokuelewa sasa: katoni tatu zilizolowa nizibadilishe kabla ya Jumamosi, la sivyo nirudishe hela yote. Tisa zilizobaki ni nzima. Tena unataka nikueleze zililowaje. Kama nimekosea popote, nisahihishe kwa Kiswahili, kama tunavyoongea siku zote.

Neno moja limemtatiza hata mwalimu: *reprenez-les*, "zichukueni". Zipi, hizo tatu au zote kumi na mbili? Naomba unijibu hilo kwanza.

Kuhusu kulowa: dereva anasema mzigo ulishushwa Kabanga kukaguliwa, mvua ikawakuta. Lakini mvua peke yake isingefika ndani. Mifuko ya ndani ilituishia tukiwa tunafunga, na hizo tatu nikaziruhusu ziende na karatasi tu. Hilo ni langu, si la dereva wala la forodha.

Jumamosi siwezi kukuahidi. Gari linaondoka Alhamisi usiku, na mzigo mpya unahitaji cheti kipya cha afya ya mimea ndipo uvuke mpaka. Jumatatu utakuwa nazo, kila katoni na mfuko wake. Kama wateja wako hawawezi kusubiri, nakurudishia hela ya hizo katoni tatu, kilo 30, yaani 270,000, leo hii kupitia simu ya dada yako wa Ngara kama tulivyofanya mwanzo. Chagua wewe.

Hizo tatu usizirudishe, nauli itakula zaidi ya thamani yake. Ila zitenge na zile nzima leo leo. Fungua moja, chota kiganjani unuse: zikinuka uchachu kama togwa iliyolala, zimeshaharibika, usimuuzie mtu. Zikiwa zimeshikana tu bila harufu wala ukungu, zianike juani zikauke upya, na ubaki nazo bure.

Nijibu kabla ya saa kumi jioni, ndipo tunapoanza kupakia.

Mama Neema, Hombolo