Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wako: mambo ya kufanya kabla ya arubaini kwisha

Kwa wazazi wa Wilaya ya Wete wanaotoka wodi ya wazazi, na waliojifungulia nyumbani

Sheria Namba 3 ya 2018 imeweka usajili wa vizazi, vifo, ndoa na talaka, pamoja na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, chini ya taasisi moja: Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Kwa hiyo jina na tarehe mtakayoandikisha leo ndiyo itakayomfuata mtoto mpaka siku atakapoomba kitambulisho. Kuandika ni dakika chache; kusahihisha ndiko kunakochosha.

Kabla ya kutoka hospitali
Ombeni karatasi ya taarifa ya uzazi na muisome hapo hapo, kabla mkunga hajabadilisha zamu. Angalieni jina la mama, jinsia ya mtoto, tarehe na mahali. Kosa likionekana wodini hurekebishwa wakati daftari liko mezani. Mkirudi baada ya mwezi, itabidi litafutwe.

Aliyejifungulia nyumbani aende kwa sheha wa shehia yake mapema, akifuatana na mkunga au mtu mzima aliyekuwapo, apate barua ya kuthibitisha uzazi. Ampeleke mtoto kliniki pia. Kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo za mwanzo ni ushahidi mzuri.

Tarehe: hapa ndipo wengi wanapoteleza
Kwetu siku huanza magharibi. Kwenye fomu huanza saa 6 usiku. Mtoto aliyezaliwa Alkhamis tarehe 6 Machi 2025 saa 3 usiku, bibi yake atasema kazaliwa usiku wa Ijumaa, na baba akifika dirishani ataandika tarehe 7. Karatasi ya hospitali inasema 6. Papo hapo mna tarehe mbili za mtoto mmoja. Fuateni ya hospitali. Kama kazaliwa nyumbani, hesabuni hivi: kabla ya saa 6 usiku ni tarehe ya mchana uliopita, baada ya hapo ni tarehe mpya.

Jina
Andikeni majina matatu: la mtoto, la baba, la babu. La baba na la babu yanakiliwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha baba, herufi kwa herufi. Khamis na Hamis, Fatma na Fatuma, kwa masikio ni jina moja. Kwa mashine ni watu wawili. Msimtegemee karani aandike anavyosikia. Mpeni kitambulisho chenyewe anakilie. Jina la mkato la nyumbani libaki nyumbani.

Jina likisubiri siku ya saba, hakuna neno, lakini mkishaafikiana msikawie.

Ofisi ya usajili ya wilaya
Chukueni:
1. karatasi ya hospitali, au barua ya sheha;
2. kitambulisho cha mama na cha baba, pamoja na kopi;
3. kadi ya kliniki.

Baba akiwa dago, aache kopi ya kitambulisho chake kabla ya kwenda. Mama anaweza kupeleka taarifa mwenyewe. Hana haja ya kungoja mashua irudi.

Mahali pa kuzaliwa ni pale mtoto alipozaliwa, si nyumbani kwenu. Aliyezaliwa Mnazi Mmoja, Unguja, hawi wa Wete kwenye cheti hata kama wazazi wote ni wa Kojani. Na aliyezaliwa Dar es Salaam husajiliwa na RITA, ambayo kazi yake ya vizazi ni ya Tanzania Bara, ndani ya siku 90. Msimlete kusajiliwa upya Pemba, maana atakuwa na rekodi mbili.

Mkikabidhiwa cheti, kisomeni mbele ya dirisha kabla ya kutia saini. Ya asili iwekeni ndani ya bahasha ya plastiki. Skuli wapelekeeni kopi.

Kitambulisho je?
Mtoto mchanga hachukuliwi picha wala alama za vidole, na kadi haombewi sasa. Akitimiza miaka 18 ataomba viwili: cha Mzanzibari Mkaazi, na cha Taifa kinachotolewa na NIDA. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Yule wa 6 Machi 2025 namba yake itaanza 20250306. Iliyokosewa kwenye cheti itaingia mpaka ndani ya namba.

Mkiwa mna mtoto mkubwa ambaye hajasajiliwa, mleteni pia. Ushahidi utakaotakiwa ni mwingi zaidi, basi anzeni kwa sheha na mkusanye kila karatasi yenye jina lake: kadi ya kliniki, ripoti ya skuli, na vitambulisho vyenu.