Mji Usiokatika Umeme

Mwaka 2071, fundi aliyetumwa kukagua mji mmoja wa kando ya Ziwa Tanganyika alikuta jenereta za dizeli zimeota kutu na nguzo za gridi zimelala matopeni tangu mafuriko, ilhali taa ziliwaka usiku kucha na mita za Luku hazikupungua hata uniti moja. Watoto wa huko hawakuwahi kusikia zile kelele za furaha ambazo mtaa mzima hupiga umeme unaporudi.

Kilichomtisha zaidi ni kipimo chake. Masafa ya umeme, popote pale, huyumba kidogo kadiri matumizi yanavyobadilika. Hapa yalisimama kwenye hezi 50 kamili. Ijumaa alfajiri yalishuka hadi 49.98, na muda si mrefu msikitini ikatangazwa tanzia. Yalirejea 50 mtoto alipozaliwa zahanati.

Alipouliza, mwenyekiti wa mtaa alimmiminia chai, akaisifu afya yake, kisha akasema, “Mwanangu, tumekutengea nyumba bila kodi. Mkeo na watoto watafika lini?”