Tafsiri ya maelezo ya ajali ya tarehe 11 Machi 2025, barabara ya Isoka–Nakonde, Zambia

Tunduma, 24 Machi 2025

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Madai,

Ndugu,

Hii ni tafsiri ya maelezo ya dereva wa pikapu aina ya Toyota Hilux, anayedai fidia kwa Kadi ya Njano ya COMESA dhidi ya lori la mteja wenu. Maelezo ya asili ni ya Kiingereza, kurasa tatu za mkono, yametiwa sahihi Nakonde tarehe 14 Machi 2025. Namba za magari, leseni na kadi ziko kwenye fomu ya madai, sikuzirudia hapa.

Kabla hujasoma, naomba uangalie suala la saa. Mdai ameandika saa za Zambia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Polisi wa Zambia nao wametumia saa hizo hizo. Lakini karatasi ya GPS ya lori, ambayo mlinitumia pamoja na maelezo, imechapwa kwa saa za Tanzania. Inaonyesha lori lilisimama 18:31. Mdai anasema aligonga 18:12. Ukiziweka pamoja bila kuzisawazisha, itaonekana lori lilikuwa bado linatembea wakati wa ajali, na barua yenu ya tarehe 19 kwa mdai imeegemea hoja hiyo. Kwa saa za Zambia lori lilisimama 17:31, yaani dakika 41 kabla ya kugongwa.

Ndani ya tafsiri nimeandika saa kwa Kiswahili, halafu kwenye mabano nikaweka tarakimu kama mdai alivyoziandika. Zote ni za Zambia isipokuwa pale nilipoeleza vinginevyo. Alipoandika "kama" au "hivi" nimeacha hivyo hivyo. Asipotaja saa, sikumtajia. Aya ni zake, kwa mpangilio wake. Ameanza na ajali, kisha akarudi nyuma, nami sikumpanga upya. Maneno yangu yako kwenye mabano ya mraba.

TAFSIRI

1. Mimi ni mkulima na mfanyabiashara wa nafaka, mwenyeji wa Wilaya ya Isoka. Siku ya Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa 12:12 jioni (18:12), pikapu yangu iligonga pembe ya nyuma, upande wa kulia, ya tela la lori la Tanzania lililokuwa limesimama kwenye njia yangu, kilomita kama 27 kabla ya kufika Nakonde. Saa hiyo naijua kwa sababu saa ya dashibodi ilisimama hapo hapo umeme wa gari ulipokatika, na fundi aliikuta vivyo hivyo. Siku ile asubuhi nilikuwa nimeirekebisha kwa kufuata redio.

2. Nilikuwa nimetoka kujaza mafuta. Risiti inaonyesha saa 11:34 jioni (17:34). Niliondoka kituoni dakika mbili tatu baada ya kulipa. Ndani ya gari tulikuwa wawili, mimi na mke wangu, naye alikaa kushoto kwangu. Sote tulikuwa tumefunga mikanda. Nyuma nilipakia magunia 9 ya maharage, nimeyafunika kwa turubai.

3. Mvua ilianza saa 12:05 (18:05) hivi. Nakumbuka kwa kuwa mke wangu aliniuliza kama turubai limefungwa vizuri, nami nikatazama saa nione kama tutafika kabla ya giza. Niliwasha vaipa na taa, nikapunguza mwendo kutoka kilomita kama 80 kwa saa hadi kama 65. Jua lilikuwa limekwisha kuzama lakini mwanga ulikuwapo bado. Miti ya pembeni nilikuwa naiona. Kilichokuwa kigumu kuonekana ni kitu chochote cha rangi ya barabara, na turubai la tela lile lilikuwa la kijivu.

4. Baada ya kona inayopinda kushoto niliona tela. Sikuona taa za nyuma zikiwaka, wala taa za hazadi. Sikuona pembetatu, wala tawi lolote barabarani. Nakadiria nilikuwa mita 50 nyuma yake, sikupima. Mwanzoni nilidhani linatembea. Nilipogundua limesimama nikakanyaga breki, kisha nikawasha indiketa ya kulia, kisha nikaanza kuhamia kulia ili nilipite. Hapo ndipo nilipoona basi dogo likija mbele yangu likiwa na taa kali. Nikarudi kushoto. Sikuwahi kurudi kikamilifu: upande wa kushoto wa mbele wa pikapu ukagonga pembe ya tela. Basi dogo lilipita baada ya kishindo, si kabla. Halikusimama, na namba zake sikuzipata.

[Hapa mdai amefuatanisha matendo kwa kusema "kisha" mara mbili: breki, indiketa, kuhama. Nakala iliyochapwa na ofisi ya Zambia imeruka indiketa na kuunganisha breki na kuhama kama jambo moja. Nimefuata mkono wake mwenyewe.]

5. Gari lilizunguka, likatoka nje ya lami upande wa kushoto, mbele ya lori, likasimama kwenye majani pua ikitazama nilikotoka. Kioo cha mbele kilipasuka. Mke wangu alilalamika mkono wa kushoto. Nilimfungulia mkanda, nikazunguka na kumtoa, ndipo nikampigia simu mdogo wangu aliyeko Nakonde. Simu inaonyesha nilipiga saa 12:16 (18:16).

6. Nilipokuwa naongea na simu nilimwona kijana, ambaye baadaye nilielezwa ni utingo wa lori, akitoka porini upande wa kulia amebeba matawi mabichi. Alinitazama, akasimama kidogo, halafu akaenda kuyapanga nyuma ya tela. Dereva alishuka kutoka kwenye kichwa akiwa na pembetatu moja, akaiweka nyuma ya matawi. Haya yote yalitokea baada ya kugonga. Sijui ni saa ngapi kamili, ila simu nilikuwa bado sijakata, na simu inasema niliongea dakika 4.

7. Polisi wa Nakonde walifika saa 12:55 jioni (18:55). Walipofika matawi na pembetatu vilikuwa vimekwisha kuwekwa, na ndivyo walivyovichora kwenye ramani yao. Nilimweleza askari aliyechora kwamba havikuwapo nilipogonga. Akasema yeye anachora anachokiona.

8. Nilizungumza na dereva wa lori kabla ya polisi kufika. Kiswahili nakisikia kidogo kwa sababu huwa nauza Tunduma. Aliniambia propela imekata, na kwamba wamesimama hapo tangu 11:30. Kwa hiyo lori liliachwa barabarani bila alama karibu siku nzima.

[Saa hii nimeiacha kama ilivyo kwenye asili: 11:30, ambayo kwa Kiswahili ni saa 5:30 asubuhi. Pembeni ya ukurasa, hata hivyo, mdai ameandika kwa herufi ndogo maneno aliyoyasikia: "saa kumi na moja na nusu". Kwa msemaji wa Kiswahili hiyo ni 17:30, na inakaribiana na karatasi ya GPS ikishasawazishwa, 17:31. Tofauti ni kubwa: dakika 41 au 42 dhidi ya saa 6 na dakika 42. Si kazi yangu kumsahihishia mdai. Ila si haki pia mtu wa madai asome 11:30 bila kujua imetoka wapi, wala kumwita mdai mwongo kwa sababu hiyo. Dereva wenu aulizwe kwa maandishi, na aulizwe alikuwa anafuata saa ya nchi gani.]

9. Polisi walimaliza na kuturuhusu kuondoka saa 1:40 usiku (19:40). Mdogo wangu alitubeba kwa gari lake. Maharage yalibaki kwenye pikapu chini ya ulinzi wa kijana tuliyemlipa, na asubuhi tulikuta magunia 7. Hayo mawili siyadai kwa bima ya lori.

10. Tulifika kliniki Nakonde na mke wangu akapokelewa saa 2:22 usiku (20:22), kwa mujibu wa daftari la mapokezi. Alikutwa na ufa kwenye mfupa wa kifundo cha mkono wa kushoto. Picha ya mkono uliofungwa nimeiambatisha. Imepigwa muda ule ule wa mapokezi, tulipokuwa tunasubiri dawa.

[Picha hiyo ina muhuri wa simu unaosema 21:22. Simu zikiwa Nakonde mara nyingi hudaka mnara wa Tunduma na kujipeleka mbele saa moja zenyewe. Hata hivyo mkono kwenye picha umekwisha kufungwa bendeji, na mapokezi kwa kawaida huja kabla ya matibabu. Ama muhuri ni wa Tanzania na picha ilipigwa "muda ule ule" kama mdai alivyosema, ama muhuri ni wa Zambia, picha ilipigwa saa nzima baadaye na mdai amekosea. Kutoka kwenye karatasi nilizo nazo siwezi kuamua. Simu iliyopigwa 18:16 haina tatizo hili: orodha ya mtandao wa Zambia iliyoambatishwa ina saa hiyo hiyo.]

11. Nadai matengenezo ya gari, gharama za kulivuta na matibabu ya mke wangu, kwa mchanganuo ulio kwenye fomu. Sikunywa pombe siku hiyo. Polisi walinipima eneo la ajali, kabla ya kuturuhusu kuondoka, na matokeo yamo kwenye taarifa yao. Niliyoyaandika ni niliyoyaona mwenyewe, isipokuwa aya ya 8, ambayo ni niliyoambiwa.

Sahihi ya mdai, Nakonde, 14 Machi 2025.

UTHIBITISHO WA MFASIRI

Nathibitisha kuwa tafsiri hii ni kamili na inafuata maandishi ya mkono ya mdai, si nakala iliyochapwa. Sikuongeza wala kupunguza tukio, na sikubadilisha saa yoyote. Maneno mawili yaliyofutwa kwa mstari kwenye aya ya 4 yanasomeka bado: mdai aliandika kwanza mita 80, akafuta, akaandika 50. Nimetafsiri 50 na kuitaja 80 hapa, kwa kuwa anayepima umbali wa kusimama gari kwenye lami iliyolowa atataka kujua zote mbili.

Aya ya 4, 6 na 7 zisomwe pamoja. Ramani ya polisi inaonyesha matawi na pembetatu kama zilivyokuwa saa 12:55 jioni, dakika 43 baada ya ajali, na haisemi lolote kuhusu saa 12:12.

Maandishi ya asili nayarudisha kwa mkono wa dereva wa basi la asubuhi, ndani ya bahasha iliyofungwa. Nakala ya tafsiri nimebaki nayo.

Mfasiri,
Tunduma, Mkoa wa Songwe