Maelekezo ya kutumia sentrifuji, otoklevu na hadubini katika maabara ya kituo cha afya

Karatasi hii ibandikwe ukutani juu ya meza ya mashine. Vitabu vya Kiingereza vilivyokuja na mashine viko kabati la chini, na asiyeelewa jambo humu aulize msimamizi wa zamu kabla ya kugusa swichi. Pale ambapo kitabu na karatasi hii vinatofautiana, fuata karatasi: kitabu kiliandikwa kwa mtu aliye usawa wa bahari, sisi tuko mita 1,700 juu yake. Kwa otoklevu tofauti hiyo si ndogo.

SENTRIFUJI

Kabla ya kuwasha, fungua mfuniko uangalie ndani. Kama kuna maji, damu iliyokauka au kipande cha kioo, safisha kwanza. Mashine ikae juu ya meza isiyotikisika, na usiweke kitu chochote juu ya mfuniko, hata daftari.

Damu ya kutoa seramu, yaani tyubu ya kizibo chekundu, iachwe wima dakika 30 igande kabisa. Ukiizungusha mapema, seramu inatoka na nyuzi zinazoziba pipeti. Tyubu ya kizibo cha zambarau ya kupima wingi wa damu haizungushwi. Inachanganywa kwa kuipindua taratibu mara 8 hadi 10 na kupelekwa kupimwa.

Sasa usawa. Kila tyubu lazima iwe na mwenzake upande wa pili, wanatazamana, na uzito wao uwe sawa. Ukiwa na tyubu tatu, ya nne jaza maji. Usiridhike na kimo cha maji machoni: damu ni nzito kuliko maji, na tyubu ya kioo ni nzito kuliko ya plastiki. Weka kila tyubu na kikombe chake kwenye mizani, ongeza maji tone kwa tone mpaka ziwe sawa.

Funga mfuniko mpaka usikie mlio wa kufuli. Zungusha `SPEED` na `TIME` hivi: seramu 3,000 kwa dakika 10, mkojo 1,500 kwa dakika 5. Bonyeza `START` na usiondoke dakika ya kwanza. Ikitetema au ikinguruma bonyeza `STOP`, subiri isimame yenyewe, upange usawa upya.

Namba hizo ni mizunguko kwa dakika, na ni za mashine yetu, ambayo rota yake ina nusu kipenyo cha sentimita 15. Ukiazimwa kwenye kituo kingine usizichukue kama zilivyo, kwa sababu nguvu inayofika kwenye sampuli inategemea rota:

```
g = 0.00001118 x r x n x n
```

Hapo `r` ni nusu kipenyo kwa sentimita na `n` ni mizunguko kwa dakika. Kwetu 3,000 inatoa takriban g 1,500.

Usiisimamishe rota kwa mkono wala kwa kitambaa. Umeme ukikatika, iache isimame. Ukirudi, anza muda upya. Tyubu ikipasukia ndani, zima na uache mfuniko umefungwa dakika 30 ili matone yanayoelea hewani yatue. Kisha vaa glavu nene, okota vioo kwa koleo, ufute kwa dawa ya kuua vijidudu. Jiki inakula chuma, kwa hiyo ukiitumia ipanguse kwa maji safi baada ya dakika 10.

OTOKLEVU

Hii ndiyo mashine inayoweza kuua mtu hapa ndani. Asiyeonyeshwa na msimamizi asiiendeshe peke yake.

1. Mimina maji yaliyochemshwa na kupozwa, au ya mvua yaliyochujwa, mpaka yafunike chuma cha kuchemshia kwa vidole viwili. Maji ya bomba letu yanaacha ukoko mweupe.
2. Panga vitu kwenye kapu kwa kulegeza, mvuke upite katikati. Chupa zenye maji jaza theluthi mbili tu na ulegeze vifuniko. Vyombo vya upasuaji na taka zisiingie pamoja. Chochote chenye jiki hakiingii kabisa: kikipata moto kinatoa gesi ya klorini.
3. Angalia mpira wa mfuniko. Ukiwa na ufa usitumie. Kaza nati mbili mbili zinazotazamana, kidogo kidogo, kama fundi anavyokaza gurudumu la gari.
4. Washa, acha koki ya mvuke wazi. Mwanzoni inatoa hewa iliyochanganyika na mvuke kwa kukohoa kohoa. Subiri mpaka mvuke utoke mfululizo, kisha hesabu dakika 5, ndipo uifunge. Hewa ikibaki ndani, geji itakuonyesha presha nzuri huku joto likiwa chini.
5. Ngoja geji ya presha ifike pauni 18 kwa inchi ya mraba.

Kitabu kinasema 15, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Geji inapima tofauti kati ya ndani na nje. Huku kwetu hewa ya nje ni nyepesi, ndiyo maana maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi na maharage hayaivi upesi. Ukisimamia 15 hufikii nyuzijoto 121. Kama geji ya joto inafanya kazi, iamini hiyo: 121 ndiyo inayohesabika. Usipite mstari mwekundu ulio kwenye 21.

6. Muda unaanza kuhesabiwa 121 inapofikiwa, si unapowasha. Vyombo visivyofungwa dakika 20, vilivyofungwa kwa kitambaa dakika 30, mfuko wa taka dakika 45. Umeme ukikatika katikati, hesabu inaanza sifuri.
7. Zima, uache ipoe yenyewe mpaka geji isome sifuri. Ukifungua koki haraka, chupa za maji zitafurika au kupasuka. Geji ikisoma sifuri, fungua koki, subiri kidogo, legeza nati, kisha inua mfuniko kwa upande wa mbali nawe ili mvuke usikupige usoni.

Tepu yenye mistari iliyogeuka myeusi inasema tu kwamba kifurushi kimepata joto. Haisemi kama kimekaa muda wa kutosha, kwa hiyo andika kwenye daftari la otoklevu saa ya kuanza, saa ya kumaliza, joto na jina lako. Kifurushi kilichotoka kimelowa kirudishwe.

HADUBINI

Ibebe kwa mikono miwili, mmoja kwenye shingo na mwingine chini ya kitako. Anza na lenzi ya 10x. Shusha meza ya slaidi, weka slaidi, kisha ukitazama kwa pembeni ipandishe karibu na lenzi. Ndipo uweke macho na kuishusha polepole mpaka picha ije. Kwa mkojo na choo, teremsha kondensa na kubana mwanga, la sivyo vimelea vinayeyuka kwenye weupe.

Kwa malaria, tone moja la mafuta juu ya slaidi iliyokauka, lenzi ya 100x, kondensa juu kabisa na mwanga wote. Hapo tumia skurubu ndogo peke yake. Pitia maeneo 100 ya tone nene kabla ya kuandika hakuna vimelea. Usirudi kwenye 40x mafuta yakiwa bado kwenye slaidi, maana lenzi hiyo haikutengenezwa kwa mafuta na itaona ukungu mpaka isafishwe.

Baada ya kazi futa 100x kwa karatasi ya lenzi tu. Pamba na shashi huacha nyuzi, na pindo la koti linakwaruza. Punguza mwanga kabla ya kuzima. Masika, irudishe kwenye kabati lenye balbu inayowaka usiku kucha. Kuvu akishaingia ndani ya lenzi haondolewi kwa kufuta.