Jibu la ombi la kurudishiwa pesa za betri

Asalaam aleikum Mama Zubeda,

Habari za Arua, na poleni na joto. Jumanne ulipata ujumbe kutoka dukani kwetu wenye maneno matatu tu: "Hakuna kurudisha pesa." Naomba radhi kwa ujumbe huo. Mteja aliyetoa shilingi 850,000, akapakia betri ya sola kwenye basi la usiku kuja Kampala, alistahili kuelezwa. Naomba huu uchukue nafasi yake.

Jibu lenyewe, Mama, halikubadilika: pesa za betri hatutaweza kuzirudisha. Kinachofuata ni kile tulichokiona, ili ujue hatukukataa kwa kubahatisha.

Betri ilifika Ijumaa asubuhi. Fundi alifungua vifuniko vyote sita mbele yangu. Katika seli nne maji yalikuwa yameshuka chini ya ncha za sahani za risasi zilizo ndani, na ncha za sahani zilikuwa zimegeuka nyeupe kama zimepakwa chokaa. Tuliongeza maji safi ya betri, tukaichaji kwa siku moja na nusu, ndipo tukapima kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa maji ya betri na hivyo chaji iliyomo. Betri iliyojaa vizuri husoma karibu 1.265. Yako ilisoma kati ya 1.150 na 1.170, seli zote sita. Hapo ndipo nilipopatazama zaidi, kwa sababu betri iliyotoka kiwandani na kasoro mara nyingi huwa na seli moja iliyokufa huku nyingine zikiwa nzima. Zote sita zikishuka pamoja, ni dalili kwamba betri imetumika ikiwa tupu mara nyingi na maji yakapungua.

Uliponipigia simu ulinieleza mwenyewe, bila kuficha, kwamba tangu mwezi wa sita umeunganisha friza ya soda na maji ya kunywa. Nakushukuru kwa ukweli huo. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200 ikijaa, na ili idumu inafaa kutumia nusu tu, yaani 600. Friza peke yake inaweza kula 1,000 au zaidi kwa siku. Mwezi wa tatu tulikupangia taa nne na kuchaji simu, na kwa kazi hiyo ingetosha.

Waranti yetu ni ya miezi 12, kwa hiyo muda wako haujaisha. Lakini kifungu cha 3 kwenye kadi kinahusu kasoro za kiwandani peke yake, na kifungu cha 5 kinaondoa betri iliyokaushwa maji au iliyobebeshwa mzigo kuzidi mpango wa fundi. Kifungu hicho hicho tulikitumia mwaka huu kwa mteja wa hapa Kampala, jirani yangu kabisa. Nikikurudishia wewe, yeye nitamwambia nini?

Kama kasoro ingekuwa yetu, Mama, tungekupa betri nyingine au pesa zako, na sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa ingekuwa upande wako. Ukitaka fundi mwingine unayemwamini aipime, njoo naye au mtume. Betri hatujaigusa tena, na vipimo vya kila seli nimevipiga picha, nakutumia sasa hivi. Akikuta seli moja imekufa kivyake, nitalifungua jambo hili upya.

Sasa lile ninaloliweza. Betri ya zamani nitaichukua kwa shilingi 100,000, nizitoe kwenye bei ya mpya. Zinazobaki ulipe kwa awamu tatu, mwisho wa kila mwezi, bila nyongeza. Nauli ya mzigo kwenye basi hadi Arua ni juu yangu. Ila nakusihi, friza usiirudishe kwenye betri moja. Utanunua leo, na baada ya miezi sita tutarudi kwenye mazungumzo haya haya. Fundi wetu wa Arua atapita Alhamisi kupima friza inakula kiasi gani, bure, kisha akwambie kama unahitaji betri mbili na paneli ya ziada, au kama ni nafuu friza ibaki kwenye umeme wa laini. Akisema hununui kitu, hununui.

Usipotaka betri mpya, hii nitakurudishia kwa basi kwa gharama yangu, au nikulipe hizo 100,000 kwa simu. Chagua linalokufaa. Sitaiuza wala kuifungua mpaka nipate neno lako.

Najua hili si jibu ulilolitaka, na najua mwezi huu biashara ya vinywaji imekuyumbia. Nipigie muda wowote baada ya swala ya alasiri, simu nitaishika mwenyewe. Msalimie Baba Zubeda na watoto.

Hassan, dukani Kampala